Ulinganishi wa usiku kati ya leja yetu na faili la kampuni ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wawili: mtaalamu wa programu anayeamshwa na simu usiku wa manane, na mhasibu anayefungua ripoti asubuhi kabla chai haijapoa. Mfano unaopita kwenye majibu yote ni jukwaa linalolipa watu kwenye pochi za simu kwa niaba ya wateja wake, kama vile chama cha ushirika kinacholipa wafugaji wa maziwa. Saa zote zimeandikwa kama zinavyosomeka kwenye skrini. Tuliwahi kuambiana "faili linafika saa mbili", nusu ya timu ikaelewa 02:00 na nusu nyingine 08:00, na siku mbili zikaenda hivyohivyo.

Tunalinganisha nini na nini hasa?

Vitabu viwili vinavyoeleza pesa zilezile. Cha kwanza ni leja yetu: kila malipo tuliyoagizwa, kila jaribio la kuyatuma, na hali tuliyoiandika baada ya kila jaribio. Cha pili ni faili ambalo kampuni ya simu inatuwekea baada ya siku kufungwa, lenye mstari kwa kila muamala uliogusa akaunti yetu ya kulipia, ile tunayoijaza floti.

Vitabu hivi havina uzito sawa. Leja yetu inaandika tulichokusudia na tulichodhani kimetokea. Faili lao linaandika floti ilivyopungua. Vikipingana kuhusu kama pesa imetoka, tunaanza kwa kuamini faili, kisha tunathibitisha muamala mmojammoja. Kampuni ya simu nayo hukosea, lakini ni mara chache, na hata ikikosea pesa iko kwake, kwa hiyo mazungumzo yataanzia kwenye kitabu chake.

Wakala wa mtaani anaijua kazi hii bila kufundishwa. Jioni anaweka daftari upande mmoja, ujumbe wa simu upande mwingine, anahesabu droo, na visipokubaliana hafungi kibanda. Tofauti yetu na yeye ni kwamba mistari yetu ni maelfu, na hatuna droo ya kuhesabu kwa mkono.

Kila ombi linapata jibu. Pesa inapoteaje, au inalipwaje mara mbili?

Swali hili linadhani kwamba ombi lina majibu mawili, ndiyo na hapana. Lina matatu, na la tatu ni kimya.

Chukua malipo ya shilingi 36,000 kwa mfugaji mmoja. Saa 14:07:11 programu yetu inatuma ombi na kusubiri sekunde 30. Saa 14:07:14 kampuni ya simu inapunguza floti yetu na kumwekea mfugaji pesa, na simu yake inalia. Jibu linalorudi kwetu linakatikia njiani. Saa 14:07:41 muda wa kusubiri unaisha, na programu iliyoandikwa kwa haraka inaweka `IMESHINDIKANA`. Saa 14:12 kazi ya kurudia malipo yaliyoshindikana inaamka, inaunda kumbukumbu mpya, yaani namba ya kulitambulisha ombi, na kutuma tena. Safari hii jibu linarudi vizuri. Kwetu kuna jaribio moja lililoshindikana na moja lililofaulu, mambo safi kabisa. Kwa mfugaji kuna 72,000.

Kosa halikuwa kukatika kwa mtandao. Kosa lilikuwa kuandika kimya kama hapana, kisha kurudia kwa kumbukumbu mpya. Ombi lililokosa jibu linapaswa kuandikwa `HAIJULIKANI`, na kabla ya kutuma chochote tena, tuulize hali ya ombi lilelile. Tukilazimika kurudia, turudie kwa kumbukumbu ileile, ili mfumo wa upande wa pili, kama unakagua kumbukumbu zilizojirudia, uikatae.

Kupotea kunakuja kwa mlango mwingine: kudhani kwamba ombi lililopokelewa ni ombi lililolipwa. Wanaotumia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kwa malipo ya B2C, yaani ya kampuni kwenda kwa mtu, wanalifahamu jambo hili. Jibu la papo hapo lenye `"ResponseCode": "0"` maana yake ni kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa, basi. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwenye anwani uliyoiweka kama `ResultURL`, yakiwa na `ResultCode` yake. Programu inayosoma ile sifuri ya kwanza na kuandika `IMELIPWA` itafanya kazi vizuri miezi, mpaka siku floti itakapoisha katikati ya mchana.

Kwa nini tusilinganishe papo hapo, tukasubiri usiku?

Tunafanya yote mawili. Mchana, kila baada ya dakika chache, kuna kazi ndogo inayochukua miamala iliyo `HAIJULIKANI` na kuiulizia hali. Hiyo inamaliza sehemu kubwa ya mashaka siku ileile. Lakini inaulizia tu miamala ambayo sisi wenyewe tunajua ina shaka. Ile tuliyoiandika `IMELIPWA` kimakosa haiulizwi na mtu, na ile ambayo haipo kabisa kwenye leja yetu haiwezi kuulizwa. Ili kuiona unahitaji orodha nzima ya upande wa pili, na orodha hiyo inakamilika siku ikishafungwa. Kwetu faili linawekwa saa 01:30, kazi inaanza saa 02:30.

Mistari inaunganishwa kwa kitu gani?

Kwa kumbukumbu tuliyoiunda sisi na kuituma ndani ya ombi. Wengi hukimbilia namba ya risiti ya kampuni ya simu kwa sababu ndiyo mteja anayoisoma kwenye ujumbe. Tatizo ni kwamba kwenye miamala iliyokosa jibu, risiti hatuna. Ukiunganisha kwa risiti, umewatoa nje walewale uliokuwa unawatafuta.

Hoja ya SQL inayofanya ulinganishi wenyewe, kwenye PostgreSQL, ni fupi:

```sql
SELECT COALESCE(l.kumb, f.kumb) AS kumb,
       l.hali, l.kiasi AS kwetu, f.kiasi AS kwao
FROM leja l
FULL OUTER JOIN faili f ON f.kumb = l.kumb
WHERE l.kumb IS NULL
   OR (f.kumb IS NULL AND l.hali <> 'IMESHINDIKANA')
   OR (f.kumb IS NOT NULL AND l.hali <> 'IMELIPWA')
   OR l.kiasi <> f.kiasi;
```

Kuna mambo mawili hapa ambayo macho huyapita. La kwanza, leja inaingia na hali zake zote. Ukichuja mapema na kuchukua `IMELIPWA` peke yake, muamala ulioandikwa kushindikana lakini umelipwa utaonekana kama mgeni asiyejulikana, na mhasibu atahangaika saa nzima kumtafuta mtu ambaye yuko ndani ya nyumba. La pili, kabla ya kuunganisha, hakikisha kumbukumbu haijirudii ndani ya faili lenyewe. Mistari miwili yenye kumbukumbu moja ikikutana na mstari mmoja wa leja, hoja hii itaona pande zote zimekubaliana mara mbili na itanyamaza. Huko ni kulipwa mara mbili kunakopita mlango wa mbele mchana kweupe.

Ila usishtuke kwa kila kinachojirudia. Kwenye taarifa za M-Pesa, kwa mfano, makato huandikwa mstari wake yenyewe chini ya namba ileile ya risiti. Tenganisha aina za mistari kwanza, halafu uhesabu.

Kumbukumbu ikiwa mpya kila jaribio, kulipwa mara mbili kutaonekanaje?

Kwenye hoja ya juu utaona tu jaribio la kwanza, lile lililoandikwa kushindikana. Hutaona kwamba lina pacha. Ndiyo maana leja inahitaji namba mbili: `malipo_id`, ambayo ni deni lenyewe na haibadiliki, na `kumb`, ambayo ni ya jaribio. Kisha unauliza deni moja limetoa pesa mara ngapi:

```sql
SELECT l.malipo_id, COUNT(*) AS mara, SUM(f.kiasi) AS jumla
FROM faili f
JOIN leja l ON l.kumb = f.kumb
GROUP BY l.malipo_id
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Hoja hii tunaiendesha juu ya mafaili ya siku saba, si ya jana pekee, kwa sababu jaribio la 23:58 likirudiwa saa 00:03 mapacha watalala kwenye mafaili mawili tofauti.

Usijaribu kubadilisha `malipo_id` na mchanganyiko wa namba ya simu na kiasi. Mfugaji anayepeleka lita zilezile kila wiki atalipwa kiasi kilekile kila wiki, na ni haki yake.

Tuonyesheni usiku mmoja, kwa namba.

Huu ulitokea kwetu, na ndio uliotufundisha kutoamini jumla. Leja ilikuwa na malipo 4,812 yaliyoandikwa `IMELIPWA`, jumla shilingi 231,640,000. Faili lilikuwa na malipo 4,815, jumla 231,715,000. Tofauti: malipo matatu, shilingi 75,000. Dada yetu wa uhasibu alianza kutafuta miamala mitatu inayofika 75,000, na akaipata! Kulikuwa na miwili ya 20,000 na mmoja wa 35,000 yenye majina yanayofanana. Ilikuwa halali yote.

Ukweli ni kwamba mistari 4,810 ilikubaliana. Leja ilikuwa na miwili ambayo faili halina, jumla 65,000. Faili lilikuwa na mitano isiyolingana na malipo yoyote tuliyoyaandika kulipwa siku hiyo, jumla 140,000. Toa 65,000 kwenye 140,000, zinabaki 75,000 ulizoziona. Mistari saba ilikuwa imekunjana ndani ya tofauti iliyoonekana kama mitatu.

Tuanze na ile miwili ya leja. Wa kwanza, 40,000, kwetu ulikuwa na saa 23:59:58. Kampuni ya simu iliukamilisha baada ya 00:00, ukaingia faili la siku iliyofuata. Hakuna aliyepoteza kitu. Wa pili, 25,000, ulikuwa umepotea kweli. Programu ilisoma "ombi limepokelewa" ikaandika `IMELIPWA`, na taarifa ya matokeo iliyokuja sekunde chache baadaye, ikisema akaunti ya mpokeaji imefungwa, haikusomwa kwa sababu muamala ulishaonekana umekwisha. Mfugaji yule alikuwa akiambiwa na chama kwamba amelipwa, naye anaapa hajalipwa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli wanayoijua.

Sasa ile mitano ya faili. Mmoja wa 16,000 ulikuwa wa jana yake, wa dakika ya mwisho kama ule wa 40,000. Mitatu ilikuwa ya kimya kilichoandikwa kushindikana: 36,000, 28,000 na 30,000. Ya 36,000 na 28,000 ilikuwa imerudiwa na mashine kwa kumbukumbu mpya, na zile kumbukumbu mpya zilikuwa zimekaa kimya kati ya mistari 4,810 iliyokubaliana. Hoja ya `malipo_id` iliwatoa mapacha wote wawili.

Ukabaki mstari wa tano, 30,000, usio na kumbukumbu yoyote ya kwetu. Ulikwenda kwa namba ya simu ileile ya yule wa 30,000 ambaye mashine haikumrudia. Mwenzetu wa huduma kwa wateja alipigiwa na chama, akaona kwenye skrini `IMESHINDIKANA`, akamhurumia mfugaji, akaingia kwenye tovuti ya kampuni ya simu na kumlipa kwa mkono. Nia njema kabisa. Kwa hiyo malipo haya yalitoka mara mbili wakati leja yetu ilikuwa inaonyesha hayajatoka hata mara moja, na chama kilikuwa kimerudishiwa salio lake la 30,000.

Hesabu ya mwisho ikawa hivi: shilingi 94,000 zililipwa zaidi kwa watu watatu, 30,000 zilipaswa kukatwa upya kwenye salio la chama kwa ile mara moja iliyokuwa halali, 25,000 zilidaiwa na mfugaji ambaye hakulipwa, na miamala miwili ya usiku wa manane haikuhitaji lolote zaidi ya subira.

Tangu hapo ruhusa ya kulipa kwa mkono kwenye tovuti ile inahitaji watu wawili, na wa pili ni lazima aandike `malipo_id` kwenye sehemu ya maelezo. Jumla bado tunaiandika kwenye ripoti, lakini chini kabisa.

Kila asubuhi tuna tofauti zinazojifuta zenyewe kesho yake. Tuzipuuze?

Usizipuuze, zisome saa zake. Zikiwa zimejazana dakika moja au mbili pande zote za 00:00, huo ni mpaka wa siku, kama miamala ya 40,000 na 16,000 hapo juu. Dawa yake ni kubeba mistari ambayo haikupata mwenzake na kuiingiza kwenye ulinganishi wa usiku unaofuata. Mstari unaopata mwenzake unaondoka wenyewe, na usiopata kwa usiku wa pili unakwenda kwa mtu.

Zikiwa zimeenea kati ya 00:00 na 02:59, huo si mpaka, hiyo ni seva yako inayoandika saa za UTC. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo muamala wa Dar es Salaam wa saa 01:15 ya tarehe 6 kwa UTC ni wa 22:15 tarehe 5. Chuja kwa siku ya hapa, si ya seva:

```sql
(iliundwa_saa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date
```

Hii inafanya kazi inavyotakiwa pale safu ikiwa ya aina ya `timestamptz`. Ikiwa ni `timestamp` tupu, maandishi yaleyale yanageuza upande wa pili, na badala ya kuongeza saa tatu utazipunguza. Tumeliona kosa hilo kwenye mikono ya watu wenye uzoefu wa miaka mingi.

Kwa vile Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa majira, tofauti hii ni tatu mwaka mzima. Wenye washirika Ulaya hawana bahati hiyo.

Faili likichelewa, likija tupu au nusu?

Hapa ndipo kazi hizi hufa bila kelele. Faili tupu likilinganishwa vibaya linaweza kutoa ripoti ya "tofauti 0", na hakuna barua pepe tamu kuliko hiyo. Kabla ya kulinganisha, kazi yetu inapima faili lenyewe. Salio la kufungulia siku liwe sawa na salio la kufungia la jana. Kisha salio la kufungulia, ukiongeza floti iliyoingizwa na pesa zilizorudishwa, ukatoa malipo na makato, lifike kwenye salio la kufungia hadi senti ya mwisho. Faili lililokatika katikati haliwezi kupita mtihani huo hata kama mistari yake yote inasomeka.

Lisipopita, kazi inasimama na kusema imesimama. Ripoti inakuwa na majibu matatu: zimekubaliana, zimetofautiana, na sijaweza kulinganisha. Hilo la tatu lisivae nguo za la kwanza. Na kwa kuwa kazi iliyokufa haiwezi kuripoti kifo chake, mfumo mwingine kabisa unaangalia kama ripoti ya leo ipo. Ikifika 06:00 haipo, simu inalia.

Kuendesha tena lazima kuwe salama. Tunafuta mistari ya tarehe hiyo na kuiingiza upya ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili faili likija mara mbili lisizae mapacha wa uongo.

Naweza kulifungua faili kwenye Excel kwanza nilisafishe?

Fungua nakala, na usiihifadhi juu ya lile la asili. Excel ikiona namba ya simu inayoanza na 255 huionyesha kama `2.55754E+11`, ikiona kumbukumbu inayoanza na sifuri huzila sifuri, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 huigeuza za mwisho kuwa sifuri. Kumbukumbu zetu zilikuwa na tarakimu 18. Asubuhi moja kila kitu kilikataa kuungana, na ilituchukua muda kugundua kwamba mtu mwenye nia njema alikuwa "amelipanga" faili. Siku hizi kumbukumbu zote zinaanza na herufi mbili, kwa sababu hiyo tu.

Kazi ikigundua kosa, isijirekebishe yenyewe?

Kuna mambo tunayoiachia na mambo tunayoinyima. Muamala ulio `HAIJULIKANI` au `IMESHINDIKANA` kwetu, ambao kwenye faili umelipwa kwa kiasi kilekile na namba ileile ya simu, kazi inaupandisha kuwa `IMELIPWA` na kuandika ingizo la leja. Hapo inaandika tu kilichokwisha kutokea.

Kutuma pesa, hapana. Kuomba muamala urudishwe, hapana. Fikiria faili limekuja nusu na kile kipimo cha salio hakipo: kazi inaona malipo elfu mbili "hayakulipwa" na inayatuma yote upya saa 02:41 wakati timu nzima imelala. Kosa la kuandika linasahihishwa kwa kalamu, lakini pesa iliyotoka itabidi uifuate mlangoni kwa mtu.

Na hata pale inaporekebisha, haifuti mstari wa zamani. Inaongeza ingizo jipya lenye tarehe ya leo linaloeleza lile la jana. Mkaguzi akija mwakani aone kosa na sahihisho lake.

Aliyelipwa mara mbili tunamfanyaje?

Kwanza andika deni kwenye akaunti yake maalumu siku hiyohiyo, usiliache likielea ndani ya floti. Halafu omba kampuni ya simu irudishe, haraka, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Kwenye usiku ule wa 94,000, 36,000 zilirudishwa na kampuni ya simu, 28,000 mfugaji mwenyewe alikubali zikatwe kwenye malipo ya wiki iliyofuata baada ya katibu wa chama kuongea naye, na 30,000 tulizibeba sisi. Tuliona haifai kumbana mtu kwa kosa lililoanzia kwetu na ambalo tulilirudia kwa mkono.

Angalizo moja: pesa ikirudishwa, itaonekana kwenye faili la siku ya kurudishwa kama mstari wa kuingia. Kazi inayosoma mistari ya kutoka pekee haitaiona kamwe, na deni litabaki wazi milele.

Tutajuaje kwamba ulinganishi unafanya kazi, na si kwamba hakuna makosa?

Tunaupandia makosa. Kwenye mazingira ya majaribio, kila usiku, nakala ya faili la kubuni inapitishwa kwenye programu ileile baada ya kuharibiwa kwa makusudi: mstari mmoja umeondolewa, mmoja umeandikwa mara mbili kwa kumbukumbu ileile, mmoja umerudiwa kwa kumbukumbu mpya chini ya `malipo_id` moja, na mmoja umebadilishwa kiasi kwa shilingi 1. Ripoti ya majaribio lazima itoe manne hayo, kwa majina yake. Siku moja ilitoa matatu. Mtu alikuwa ameongeza `DISTINCT` kwenye upakiaji wa faili ili "kuondoa takataka", na mstari ulioandikwa mara mbili ukawa mmoja kabla haujafika kwenye ulinganishi.